Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nani apewe ofa gani katika orodha ya wateja wa duka la chakula cha mifugo

Maswali haya yametoka kwa wenye maduka ya Nakuru, Njoro na Bahati, wengi wao wakiuza chakula cha kuku na cha ng'ombe. Mimi huweka hesabu za agroveti moja mjini Nakuru, na mifano mingi hapa inatoka katika kazi hiyo.

Kupanga wateja kwa ununuzi wao ni kufanya nini hasa?

Ni kumwuliza kila mteja maswali mawili kupitia kitabu cha mauzo: mara ya mwisho umenunua lini, na huwa unanunua mara ngapi? Majibu hayo mawili yanamweka katika kundi, na kundi ndilo linaloamua kama atapigiwa simu, atatumiwa meseji, atapunguziwa bei au ataachwa kwa sasa.

Njia hii ilikomaa Marekani, katika biashara za kuuza bidhaa kwa katalogi zilizotumwa kwa posta. Kila katalogi iligharimu uchapishaji na stempu, kwa hiyo walilazimika kuchagua nani atumiwe. Waliona kwamba aliyenunua karibuni ana uwezekano mkubwa wa kununua tena kuliko aliyenunua zamani, na aliyenunua mara nyingi kuliko aliyenunua mara moja. Kuna kipimo cha tatu, yaani kiasi cha fedha, ambacho nakiacha hapa. Kwa duka linalouza mifuko ile ile kwa bei ile ile, safari za mteja tayari zinasema karibu yote ambayo fedha ingesema. Anayenunua mifuko ishirini kwa mkupuo mmuandikie pembeni na umhudumie peke yake.

Nimesoma kwamba wateja wapewe alama kuanzia 1 hadi 5. Hiyo haitoshi?

Inatosha kuanzia. Unapanga wateja wote kwa tarehe ya mwisho ya kununua, unawagawa mafungu matano yaliyo sawa, fungu la karibuni kabisa linapata 5 na la zamani kabisa 1. Kisha unafanya hivyo hivyo kwa idadi ya safari. Mteja mwenye 5 na 5 ni wa karibuni na wa mara nyingi. Mwenye 1 na 5 alikuwa akija sana, sasa kimya. Huyo wa pili ndiye wa kukimbilia.

Lakini duka dogo likiitumia kama ilivyo, matatizo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba kama nusu ya wateja wako walinunua mara moja tu, huwezi kuwagawa mafungu matano kwa haki. Watu wenye safari moja moja watapata 1, 2 hata 3 kwa bahati ya mahali walipokaa kwenye orodha. La pili ni kubwa zaidi, na ndilo linalonifanya niandike yote haya: alama hizo zinawalinganisha wateja wao kwa wao, wakati mwenye kuku na mwenye ng'ombe hawaishi kwa kalenda moja.

Kalenda zao zinatofautianaje?

Mfuko huisha kwa kasi ya midomo inayoula. Kuku mmoja wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 hula kilo 12, na mfuko wa kilo 70 unaisha kabla ya siku 6 kutimia. Mwenye ng'ombe wawili anaowapa kilo 4 kila mmoja kwa siku anatumia kilo 8, na mfuko huo huo unamfikisha karibu siku 9.

Sasa tazama wateja wawili wa dukani kwetu. Mmoja ni mama wa Kiamunyi mwenye kuku wa mayai wapatao 100. Mwingine ni mzee wa Bahati mwenye ng'ombe wawili. Wote wawili walinunua mara ya mwisho Juni 18, 2025. Juni 30 nikakaa na orodha. Siku 12 zimepita kwa kila mmoja, na kwa mpango wa alama 1 hadi 5 wanapata alama sawa ya ukaribuni.

Yule mama alikuwa na safari 29 kati ya Januari 5 na Juni 18. Hizo ni siku 164 zenye nafasi 28 baina ya safari, yaani mzunguko wa siku 5.9. Mzee alikuwa na safari 19 kati ya Januari 8 na Juni 18, siku 161 kwa nafasi 18, yaani mzunguko wa siku 8.9. Gawanya zile siku 12 kwa mzunguko wa kila mmoja. Mama anapata 2.0, mzee anapata 1.3. Mzee huenda anakwangua mfuko wa mwisho, kesho atakuja. Mama ameshapitisha zamu nzima bila kununua, na kuku hawafungi siku 6. Wanakula chakula cha duka lingine, au hawapo tena.

Nambari hiyo ya 2.0 au 1.3 naiita kipimo cha kuchelewa. Ndiyo ninayoitumia badala ya siku tupu.

Nikishapata kipimo hicho, makundi ni yapi?

Mipaka hii ni ya kazi yetu, ibadilishe ukiona kwako haifai. Kipimo kisichozidi 1.5, mteja yuko. Kati ya 1.5 na 3, amechelewa. Zaidi ya 3, amekatika. Halafu kuna wale wenye safari chini ya 4, ambao mzunguko wao bado haujulikani. Safari mbili zinakupa nafasi moja tu, na nafasi moja inaweza kuwa ilivurugwa na mazishi ya nyumbani au mvua iliyokata barabara. Hao wapimie kwa mzunguko wa bidhaa: ukimuuliza ana kuku wangapi, hesabu ya gramu 120 itakuambia anapaswa kurudi lini.

Naandika fomula gani?

Uwe na karatasi mbili katika Excel au Google Sheets. Ya kwanza iitwe `Mauzo`: safu A tarehe, safu B namba ya simu. Ya pili ni ya wateja, na kila namba inaonekana mara moja tu katika safu A. Tarehe ya leo iandike katika seli `H1`.

```
B2: =MINIFS(Mauzo!A:A,Mauzo!B:B,A2,Mauzo!A:A,">="&$H$1-180)
C2: =MAXIFS(Mauzo!A:A,Mauzo!B:B,A2)
D2: =COUNTIFS(Mauzo!B:B,A2,Mauzo!A:A,">="&$H$1-180)
E2: =IF(D2>1,(C2-B2)/(D2-1),"")
F2: =IF(E2="","",($H$1-C2)/E2)
```

B ni safari ya kwanza ndani ya siku 180, C ni ya mwisho, D ni idadi ya safari, E ni mzunguko na F ni kipimo cha kuchelewa. Siku 180 nimeziweka kwa sababu mtu hubadilika. Aliyekuwa na kuku 300 mwaka juzi na leo ana 50 asipimwe kwa mzunguko wa zamani.

Excel za kabla ya 2019 hazina `MINIFS` na `MAXIFS`. Tumia Google Sheets, ni bure.

Mbona hesabu yangu inatoa vitu vya ajabu?

Mara nyingi kosa liko kwenye namba za simu au kwenye tarehe, fomula haina hatia.

Namba moja huandikwa kwa sifuri mbele siku moja, kwa +254 siku nyingine, na yenye nafasi katikati siku ya tatu. Kompyuta inaona watu watatu, kila mmoja akija kwa nadra. Dalili yake ni kuona wateja wengi mno wa safari moja wakati wewe mwenyewe unajua sura zao. Zisafishe zote kwa fomula moja katika safu ya pembeni, kisha bandika matokeo kama thamani juu ya zile za zamani:

```
="254"&RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```

Tarehe nazo zina mtego wake. Sisi tunaanza na siku, lakini kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inaanza na mwezi. 03/06 uliyoandika ukimaanisha tatu Juni inakuwa Machi 6, na 18/06 inabaki maandishi tu kwa kuwa hakuna mwezi wa 18. Utajua kwa kutazama safu: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Ukiona zote zinazozidi tarehe 12 zimeegemea kushoto, usiendelee. Badilisha mpangilio wa nchi kwenye faili kwanza, kisha uingize data upya.

Kosa la tatu ni safari moja kuhesabiwa mbili. Mteja analipa mfuko, anakumbuka dawa ya minyoo, anarudi kaunta na kulipa tena. Kwetu hiyo ni safari moja. Ondoa saa kwenye tarehe kwa `=INT(A2)`, kisha kwenye nakala ya faili futa mistari inayofanana kwa tarehe na namba. Usipofanya hivyo mzunguko unakuwa mfupi kuliko ukweli, na watu waliotulia wataonekana wamechelewa.

Wateja wangu wanalipa kwa tili. Si nitumie taarifa ya M-Pesa moja kwa moja?

Itakusaidia kuhakiki tarehe na fedha, lakini usiifanye kuwa orodha ya wateja. Taarifa inamjua aliyelipa, nawe unamtafuta mwenye kuku. Wiki hii analipa mume, wiki ijayo mke, wiki ya tatu kijana wa shamba kwa simu yake. Boma moja lenye mzunguko wa siku 6 linageuka kuwa watu watatu wenye mzunguko wa siku 18, na mume akisafiri utampigia simu ya kumrudisha ilhali mkewe alikuwa kaunta jana.

Sisi tuliacha kuandika namba ya aliyelipa. Anayehudumu anauliza, "Chakula hiki ni cha boma la nani?" na anaandika namba ya boma. Kwa muda wa mwezi mmoja inachosha, baadaye wateja wenyewe wanaitaja kabla ya kuulizwa.

Jihadhari pia na malipo ya madeni. Mtu akilipa deni la mwezi jana kupitia tili, hiyo si safari. Tarehe inayohesabika ni siku mfuko ulipotoka dukani.

Basi nani apewe ofa gani?

Nianze na kosa ninaloliona kila mahali: punguzo la bei kwa wateja bora. Moyo wake ni mzuri, mtu anataka kushukuru. Lakini fanya hesabu. Tuseme faida yako kwa mfuko ni shilingi 150, na umepunguza 100. Wateja 120 walioko wakichukua mfuko mmoja mmoja, umetoa shilingi 12,000 kwa mauzo ambayo yangefanyika hata ungekaa kimya. Aliyeko haji kwa sababu ya bei. Anakuja kwa sababu chakula hakibadiliki, kuku hawaachi kutaga, na akifika anakikuta. Kwa hiyo mpe kinachohusiana na hilo. Bei ikitarajiwa kupanda, awe wa kwanza kuambiwa. Shehena ikichelewa, mwekee mfuko wake. Ukiweza kumpelekea kwa bodaboda siku ya mvua, mpelekee.

Aliyechelewa na alikuwa na safari nyingi apigiwe simu, na aliyepiga awe mtu anayejulikana kaunta. Simu hiyo isianze na ofa. Yule mama wa Kiamunyi nilimpigia mwenyewe. Nilisema, "Shikamoo mama, ni wa dukani, tumeona kimya, kuku wako salama?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Kuku nimewauza wote, walikuwa wamechoka kutaga. Vifaranga nimeshalipia, vinakuja Agosti." Ningemtumia meseji ya punguzo la chakula cha kuku wa mayai ningekuwa nimepoteza meseji, na zaidi ya hapo nisingejua habari za Agosti. Vifaranga vya siku moja havili chakula cha kutagia. Wanaanza na chakula cha vifaranga kwa wiki kama 8, wanahamia cha wanaokua, na hufika cha mayai wanapokaribia wiki ya 18 hivi. Kwenye orodha niliandika mbele ya namba yake: "vifaranga, Agosti." Wiki ya mwisho ya Julai tulimuuliza anatarajia vingapi, tukamwekea mifuko.

Wengine ukiwapigia watasema wazi kwamba duka jipya limefunguliwa karibu na kwao. Hapo ndipo punguzo lina kazi, au kupelekewa mzigo, maana sasa unajua unashindana na nini.

Aliyekatika mtumie meseji moja yenye ofa halisi na tarehe ya mwisho. Akikaa kimya mwache. Mgeni wa safari moja mpe sababu ya kurudi mara ya pili, na ifike karibu na siku ambayo mfuko wake unaisha. Ikimfikia baada ya mwezi, ameshanunua kwingine mara nne.

Wafugaji wa broila na wanunuzi wa mbegu wanaingia wapi?

Watoe kwenye orodha hii. Wanaiharibu.

Mfugaji wa broila hununua kwa fujo wiki 5 au 6, anauza kuku, kisha anasafisha banda na kulipumzisha wiki 2 au 3. Mtu wa Lanet aliyekuwa akija kila siku 4 atakuwa na kipimo kinachozidi 3 akiwa katika mapumziko, nawe utamweka kundi la waliokatika. Kwake pima tangu siku alipoanza kundi la vifaranga: zikipita wiki 10 bila kuanza kundi jipya, hapo ndipo uulize.

Anayenunua mbegu za mahindi huku kwetu anakuja Machi au Aprili, mvua ndefu zikianza. Kumuita amekatika mwezi Septemba ni kumwonea. Swali lake ni moja: alikuja msimu uliopita, na msimu huu amekuja? Kisumu na Kakamega kuna msimu wa pili baada ya Agosti, kwa hiyo wenye maduka huko wamuulize mara mbili kwa mwaka.

Nitajuaje kama ofa imefanya kazi?

Usimpe kila mtu. Kati ya waliochelewa, wenye namba inayoishia na tarakimu shufwa wapewe, wenye witiri wasipewe. Tarakimu ya mwisho ya simu haihusiani na idadi ya kuku, kwa hiyo pande mbili zitakuwa karibu sawa.

Tuchukue hesabu ya mfano. Waliochelewa ni 64, kila upande 32. Baada ya siku 14 wamerudi 11 kati ya waliopewa ofa ya shilingi 100, na 7 kati ya ambao hawakupewa. Mwenye haraka atasema ofa imerudisha watu 11. Imerudisha 4, kwa sababu 7 wangerudi wenyewe. Wote 11 wamechukua punguzo, hiyo ni shilingi 1,100. Wale 4 wa ziada wameleta faida ya 600. Kwenye mfuko wa kwanza umepungukiwa na 500, na unavuka tu ikiwa wale 4 watanunua mfuko wa pili kwa bei kamili. Kwa hiyo fuatilia mfuko wa pili.

Na watu 4 ni wachache. Inaweza kuwa ni bahati ya wiki hiyo. Rudia raundi tatu kabla ya kuamini.

Ninaruhusiwa kutumia namba zao hivyo?

Kwa ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu naye akajulishwa. Kwa hiyo anapotoa namba muulize kama anakubali kupokea habari za bei na ofa, na uandike jibu lake na tarehe katika safu yake. Kila meseji imwonyeshe jinsi ya kujitoa. Akijitoa, mfute kwenye orodha ya ofa siku hiyo hiyo. Namba aliyoiacha kwa ajili ya kupelekewa mzigo si ruhusa ya kumtumia matangazo.

Nipange upya kila baada ya muda gani?

Kila wiki, kama una wateja wengi wa kuku wa mayai. Mwenye mzunguko wa siku 6 anapita kutoka 1 hadi 3 ndani ya siku 12. Ukipanga mara moja kwa mwezi, utamkuta ameshazoea duka lingine. Kubadilisha tarehe katika `H1` ni kazi ya dakika moja, kazi yenyewe ni zile simu.

Kuna wateja walikuwa wazuri sana, wamechelewa, na hawashiki simu. Niwape ofa kubwa zaidi?

Kwanza fungua daftari la madeni. Kwetu, tulipoweka safu ya deni kando ya kipimo cha kuchelewa, tuliona kwamba baadhi ya walionyamaza walikuwa wanadaiwa mfuko mmoja au miwili. Mtu wa namna hiyo hakuacha kulipenda duka. Anaona haya kupita mlangoni, na jioni anazunguka njia ya nyuma. Punguzo la shilingi 100 halimgusi kabisa, kwa sababu kurudi kwake kunaanza na shilingi elfu kadhaa ambazo hana leo. Tulichofanya ni kumtuma mzee wa dukani, si kijana, akawaambie walipe kidogo kidogo kila wanapokuja, na mfuko mpya waununue taslimu. Weka kundi hili peke yake, na usilitumie meseji ya ofa hata moja hadi uzungumze na kila mmoja.